Simu Iliyolala Kabatini Kwangu

Mtoto wa kaka yangu aliitisha kikao cha ukoo kwa sababu ya chaji ya simu.

Nimezika mume, nimemzika na huyo kaka, nimekaa vikao vya mirathi ambavyo watu walirushiana viti. Lakini kikao cha kujadili betri nilikuwa sijakiona, na namwomba Mungu asinionyeshe kingine.

Tulikaa sebuleni kwa wifi yangu, mjane mwenzangu, mama yake huyo kijana. Makochi yake bado yamevaa nailoni ya dukani, ukikaa unateleza na ukisimama nguo inakung'ang'ania. Baba mdogo wa kijana alikuwepo pia, amekuja kwa ajili ya chai. Mke wa kijana alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, amempakata mtoto wao wa kike anayeanza kutambaa. Na nyuma ya mlango niliona begi. Limefungwa zipu, limenona. Kikao hakijaanza, begi limeshafungwa. Nikamtazama wifi yangu, naye akatazama dari.

Kijana alisimama mbele ya televisheni kama mtu anayesoma habari. Ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, kazi yake kuhesabu misumari na mabati, na tangu aipate kazi hiyo anahesabu kila kitu. Alitoa simu yake akaanza kutuonyesha picha.

"Tazameni. Hii nimepiga wakati wa kulala. Simu ya mke wangu, imejaa, mia kwa mia. Hii nimepiga alfajiri, simu ileile, sitini na mbili. Siku iliyofuata, mia. Alfajiri, sitini." Akaendelea kutelezesha kidole, picha baada ya picha, zote za kona ya juu ya kioo. "Huu ni ushahidi."

Neno hilo alilirudia mara nyingi kiasi kwamba baba yake mdogo akamwambia, "Endelea, Bwana Ushahidi," na jina likamganda hapohapo.

"Simu iko mezani," akasema Bwana Ushahidi. "Kioo kimezimwa. Mimi nimelala, yeye eti amelala. Chaji inakwenda wapi?"

"Inakwenda kwa mwanamume," akajibu mama yake. Walikuwa wamefanya mazoezi, hawa.

"Nikisinzia mimi, yeye anaamka kuchati. Ndiyo maana Jumamosi nataka arudi kwao. Mtoto atabaki kwa mama."

Yule binti hakulia. Alimkaza mtoto kidogo tu, mtoto akalalamika, akamlegeza.

Nikaweka kikombe chini. "Umewahi kumwona ameshika simu usiku?"

"Shangazi, mimi nikilala nalala fofofo. Hiyo ndiyo nafasi yake."

"Umekuta namba ya mtu?"

"Anafuta."

"Ujumbe?"

"Anafuta."

"Kwa hiyo huna kitu."

"Nina chaji, Shangazi!"

Baba mdogo alipaliwa na chai. Nilimsubiri amalize kukohoa.

"Na usiku mmoja tu hukufikiria kuichukua hiyo simu ukailalia mwenyewe?"

"Nikiichukua atajua namshuku."

"Na hapa alipokalishwa mbele ya wazee hajui?"

Akarudi kwenye picha zake, akakuza moja kwa vidole viwili, kana kwamba sitini na mbili ikiwa kubwa itageuka kuwa jina la mtu.

Ndipo binti akasema, kwa sauti ya chini lakini iliyonyooka, "Shangazi, asubuhi naikuta ina joto. Kama yai kuku alipotoka kuatamia. Nilimwambia mume wangu simu inaumwa. Akacheka."

"Joto la mikono yako," wifi yangu akasema.

"Mama, mikono yangu usiku inabadilisha nepi."

Nikaona tukiendelea hivi Jumamosi itafika na begi litabebwa. Nikawaambia simu ile italala kwangu. Ichajiwe hapa hapa, mbele ya macho yetu sote, mpaka ijae. Niende nayo nyumbani, niifungie kabatini, ufunguo nikae nao mimi. Kama chaji inaliwa na vidole vya huyu binti, basi usiku huo vidole vitakuwa mtaa wa pili na simu itaamka imejaa. Kama haitajaa, tutatafuta anayeila.

"Na kama wewe unamtetea?" wifi akauliza.

"Mimi ni dada wa mumeo. Kama kuna mtu katika nyumba hii anayetakiwa kumnyanyasa mke wa kijana, ni mimi. Nachelewa tu kuanza."

Baba mdogo akasema hilo ni wazo la haki, akauliza na kama kuna chai imebaki.

Simu ikajaa. Bwana Ushahidi akaipiga picha. Nikaifunga kwenye leso nikaondoka.

Kwangu ni chumba na ukumbi, nyumba ya bati. Kabati langu ni la mbao, la mume wangu, lina kufuli ambalo mpaka ulikemee ndiyo linafunga. Niliiweka simu juu ya mashuka. Kisha nikafanya jambo lililonijia tu: nikaichukua na simu yangu mwenyewe, ile iliyopasuka kioo, nikaichaji nayo mpaka ikajaa, nikailaza kando yake. Nikafunga. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la nguo, nikasali, nikalala.

Alfajiri nilipomaliza sala nilifungua kabati kabla hata ya kuwasha moto wa chai. Nilitia mkono kwanza, sikutazama. Simu yangu ilikuwa ya baridi kama sahani. Ile nyingine ilikuwa na joto, na hata shuka chini yake lilikuwa na joto. Kitu kisicho na kazi hakipati joto. Hilo hata jembe linajua. Nikawasha vioo. Yangu ilipoteza mbili usiku mzima. Ya binti ilikuwa imebaki arobaini na nane.

Haijawahi kushuka hivyo kwa mumewe. Kwangu, imefungiwa, haina mtu, imekula kuliko siku zote.

Nilitegemea hilo lingetosha. Nilisahau ninashughulika na nani.

"Basi amewasha kitu kinachomtumia huyo mwanamume picha chenyewe," Bwana Ushahidi akasema nilipowarudishia habari. Alikuwa ameshaipiga picha ile arobaini na nane.

"Au huyo mwanamume alikuwa anapiga usiku kucha," mama yake akaongeza. "Mapenzi hayana adabu."

"Wifi, simu ilikuwa kabatini, karibu na kichwa changu, unasikia? Haikulia, haikutetemeka, haikuwaka. Huyo mwanamume amepiga kwa njia gani, kwa ndoto?"

Nikasema twende kwa fundi, sote wanne, na asiyekwenda asije akasema baadaye simu ilichezewa. Bwana Ushahidi akakubali haraka, akitabasamu. Alikuwa na hakika fundi ataifumua simu na mwanamume atadondoka mezani.

Fundi ni mama mmoja ana kibanda cha kioo upande wa nyuma wa soko, kati ya mshona viatu na muuza redio. Watu wanamwita Mama Lenzi kwa sababu ya ile lenzi anayoivaa kwenye paji la uso, hata akienda kununua nyanya. Tulijibana kwenye benchi lake. Binti alisimama na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama," fundi akaniamkia. "Tatizo?"

"Marahaba. Simu hii haishikwi usiku, lakini asubuhi nusu ya chaji haipo."

"Betri ya zamani?"

"Simu ina mwaka," Bwana Ushahidi akadakia. "Nilimnunulia mwenyewe. Mimi mwenyewe niliiweka sawa kila kitu kabla sijampa."

Mama Lenzi alimtazama kidogo, kisha akatazama simu. "Mchana inashukaje? Inaruka ghafla? Iko arobaini, mara ishirini, mara imezima?"

"Hapana," binti akajibu. "Mchana inashuka taratibu. Hata nikipiga picha za mtoto."

"Basi sidhani ni betri. Betri iliyochoka inachoka mchana na usiku, haichagui." Akaigusa mgongo kwa kiganja. "Hata sasa ina uvuguvugu. Tuone."

Alieleza huku anabonyeza, na mimi nikasogeza kiti. Ukizima kioo, simu inatakiwa kulala. Wengi wanadhani kuzima kioo ndiyo kulala, kumbe kioo ni macho tu. Ndani yake kichwa nacho kinatakiwa kilale, kiwe kinashtuka mara mojamoja kuangalia kama kuna ujumbe, kisha kilale tena. Ikilala hivyo, usiku mzima inakula kidogo sana. Lakini ikiwamo programu moja inayoitingisha kila mara, au inayoishika isilale kabisa, kioo kitakuwa cheusi na mwenye simu anakoroma, wakati ndani kuna mtu anafanya kazi ya zamu.

"Mtu!" wifi akasema.

"Programu, mama. Nimesema kwa mfano."

Akafungua mipangilio, akaingia kwenye betri, akatokeza mchoro. Mstari ulianza juu jioni, ukashuka kwa mteremko mmoja mpaka alfajiri. "Mnaona hapa? Mtu akichati, mstari unaanguka pale anapochati, akiacha unatulia. Na chini hapa pangeonyesha kioo kiliwaka. Hakikuwaka hata mara moja. Huyu anayekula hapumziki, anakula sawasawa toka jioni. Binadamu hawezi, hata awe na mapenzi ya namna gani."

Wifi akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Sasa tumtafute." Mama Lenzi akashuka kwenye orodha ya programu na kiasi zilichokula. Bwana Ushahidi alikuwa ameinama mpaka pumzi yake inatia ukungu kioo cha kibanda. Akanyoosha kidole. "Hiyo! Hiyo ni nini?"

"Hiyo inaleta aya ya maandiko kila asubuhi."

"Hiyo hiyo!"

"Nilimwekea mimi," nikasema.

"Imekula moja," Mama Lenzi akasema. "Maandiko hayana shida. Mtandao wa simu nao umekula tatu, hiyo ni kawaida. Ingekuwa sehemu isiyo na mnara ingekula zaidi. Kioo, karibu sifuri." Akapandisha juu. "Anayekula ni huyu hapa. Peke yake amekula kuliko wote mkiwajumlisha."

Jina lake lilikuwa Huduma za Kifaa. Alama yake ni gurudumu la kijivu, kama zile za ndani ya simu zisizogusika.

Bwana Ushahidi akainua mgongo. Ukungu ukafutika kiooni. "Hiyo ni ya simu yenyewe," akasema. "Si unaona imeandikwa? Ya kampuni. Achana nayo, angalia nyingine."

"Ngoja nibonyeze."

"Nimesema ni ya simu."

"Kaka, kibanda ni cha kwako au changu?"

Akabonyeza. Akasoma kwa sauti, na kwa haki ya Mungu alisoma kama hakimu. Ilifanya kazi kioo kikiwaka: hakuna. Ilifanya kazi chinichini: usiku kucha. Imeruhusiwa kutumia betri bila kikwazo. Imeruhusiwa kujua mahali simu ilipo, wakati wote. Kitufe cha kuiondoa kipo, lakini kimefifia, hakibonyezeki.

"Hii haikuja na simu," akasema. "Iliyokuja na simu haiandikwi hapa kwamba ilipachikwa kutoka kwenye faili. Mtu aliiweka kwa mkono, akaipa usimamizi wa kifaa ili isitoke kirahisi, na akaifanya ivae nguo za askari wa simu. Kazi yake ni kuuliza: niko wapi, niko wapi, niko wapi, halafu inampelekea mtu jibu." Akaniuliza, "Mama, ulipoilaza palikuwaje?"

"Kabatini. Nyumba ya bati."

"Ndiyo maana. Mahali simu ilipo inapajua kwa kusikiliza setilaiti za juu. Chini ya bati na ndani ya mbao haisikii vizuri. Inatafuta, haipati, inatafuta tena, kichwa hakilali, chaji inakwisha. Ingelala kibarazani ingekula kidogo kuliko hapo."

Binti akauliza, "Inampelekea nani?"

"Hiyo siwezi kuisoma hapa. Nitakachoweza ni kuinyima ruhusa ya mahali, tuone kama itatulia." Akagusa, akahamisha kidoti kutoka hapa kwenda pale. "Haya. Nimeinyima."

Mfuko wa Bwana Ushahidi ukalia.

Si mlio wa simu kuita. Ni king'ora chembamba, cha haraka, kama gari linaloibiwa. Mshona viatu wa jirani akainua kichwa. Bwana Ushahidi akatia mkono mfukoni akaufinya mfuko kana kwamba ameshika kuku anayetoroka.

"Pokea," nikamwambia.

"Si simu, Shangazi. Ni... alamu ya kazini."

Mama Lenzi alirudisha ruhusa. Muda si mrefu mfuko ukatoa mlio mwingine, mpole, wa kengele mbili. Akainyima tena. King'ora. Muuza redio naye akapunguza sauti ya bidhaa zake.

"Toa," akasema mke wake.

Alitoa. Kwenye kioo cha simu yake palikuwa na maandishi mekundu, na mimi nilisoma vizuri kabisa: Kifaa cha Mke hakionekani. Chini yake ramani, na kwenye ramani alama ndogo juu ya soko, pale pale tulipokaa, na magoti yetu yanagusana.

Nimeishi vya kutosha. Nimeona wezi wakikamatwa, nimeona walevi wakiokotwa mtaroni. Wote walikuwa na sura ya mtu. Huyu alikuwa na sura ya mtoto aliyekojoa kitandani na bado anataka kumsingizia paka.

"Nilikuwa namlinda," akasema. "Dunia imeharibika. Yule aliyeniuzia simu aliniwekea, akaniambia ni nyepesi, haili chaji kabisa."

"Aliiweka iulize kila baada ya muda gani?" Mama Lenzi akauliza. Nadhani aliuliza kwa ajili ya ufundi tu.

"Mwanzo ilikuwa kila nusu saa."

"Mwanzo?"

Akalamba midomo. "Nilipoona chaji inapungua kidogo usiku, nikashuku kuna kitu. Nikaiweka iulize muda wote."

"Na chaji ikapungua zaidi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukaona nini?"

"Nikaona amezidisha."

Hapo hata wifi yangu alishindwa. Alitoa sauti puani, akaigeuza haraka kuwa kikohozi. Mtoto mgongoni akacheka, bila kujua kitu, kwa vile tu watu wazima walikuwa wanatoa sauti.

Mimi sikucheka. Nilimtazama. Usiku kucha mashine yake mwenyewe ilimuuliza mke wake yuko wapi, na jibu likarudi lilelile, yuko nyumbani, yuko nyumbani, yuko nyumbani, yuko kando yako unavyokoroma. Majibu elfu ya kumsafisha aliyapata, hakuyatazama. Alitazama gharama ya kuuliza, akaiita uzinzi.

Wifi akajirudi. "Lakini mwanaume kumchunga mkewe si kosa. Ametumia njia mbaya tu."

"Wifi, begi lile ulilifunga wewe au lilijifunga chinichini?"

Akaanza kuupanga mtandio wake upya.

Nilidhani sasa kijana ataomba radhi. Alivuta pumzi, akamgeukia Mama Lenzi, na akasema kwa upole wa kweli, upole wa mteja: "Samahani fundi. Hakuna ile nyingine, inayokula chaji kidogo?"

Mama Lenzi aliipandisha lenzi yake juu kabisa ya kichwa, amwone kwa macho matupu.

Mke wake aliweka kiganja mezani. "Mama, nitolee laini yangu."

"Niiondoe kwanza hii programu? Naivua usimamizi, halafu naifuta. Si kazi kubwa."

"Simu kanunua yeye. Kila siku ananiambia hivyo. Nitolee laini tu."

Fundi akachukua kisindano, akachomoa kisahani, akamkabidhi laini. Binti akaifunga kwenye kona ya leso ya mtoto. Kisha akaisukuma simu mpaka mbele ya mumewe. "Hiyo. Ijue iko wapi."

Tukaondoka mimi naye na mtoto. Tulipitia kwa wifi kuchukua begi, na nilicheka peke yangu njia nzima, kwa sababu lilikuwa limepangwa vizuri ajabu. Nguo za baridi, khanga, hata mafuta ya nywele. Wifi yangu akitaka kufukuza mtu anafanya kazi safi. Nguo za mtoto hakuwa ameweka, maana mtoto alikuwa abaki. Hizo tulizichomoa kwenye kamba zikiwa bado na unyevu, na yeye mwenyewe akaja nyuma yetu akatushikia vibanio.

Laini tuliiweka kwenye ile simu yangu iliyopasuka. Tunaitumia kwa zamu. Asubuhi aya yangu inaingia, tunaisoma pamoja, na simu ni ya baridi.

Nyumba ile nyingine habari zake nazipata kwa wifi, ambaye siku hizi anakuja kwangu kulalamika, hana pengine. Anasema mwanawe alilala na simu zote mbili kando ya mto, na alfajiri ile ya mke ilikuwa imeshuka nusu, nyumba nzima haina mwanamke wa kushukiwa ila mama yake. Anasema aliitazama muda mrefu. Namwamini. Kutazama anaweza.

Jumamosi, ile ile waliyokuwa wamempangia binti, Bwana Ushahidi alikuja mlangoni kwangu. Amenyoa, amevaa shati la kwenda ibadani, amebeba ile simu kwenye boksi lake. Sikumkaribisha ndani. Nilimwekea kigoda kibarazani, mkewe akatoka akasimama mlangoni na mtoto kiunoni.

"Nimempelekea fundi," akasema. "Ameitoa. Ameivua usimamizi, ameifuta kabisa. Sasa haili chaji, Shangazi. Mke wangu, haili. Nimeipima."

"Umeipima?" nikauliza.

Akatoa simu yake mfukoni, akaitelezesha kwa kidole. "Hii wakati wa kulala. Mia. Hii alfajiri, tisini na saba. Tazameni. Na jana yake, mia..."

Alikuwa amepiga picha.

Mkewe alizitazama, zote, kwa adabu, mpaka zikaisha. Mtoto akanyoosha mkono kuishika ile simu yenye kung'aa, naye akaurudisha mkono wa mtoto taratibu.

"Nimeona," akasema. "Chaji ni nzima. Sasa nenda ukafikirie lingine la kuniambia, ukilipata uje uniambie bila picha. Nipo hapa. Hukuhitaji mashine kujua."

Akaingia ndani. Kijana alibaki kwenye kigoda, boksi magotini, kioo cha simu yake bado kinawaka kwenye tisini na saba. Nikasubiri kizime chenyewe. Kisha nikamwambia anipishe, nilikuwa nafagia.